Ratiba ya Likizo Isiyofunga Dirisha la Wanachama

Mwanachama anayefika kutoa akiba yake mwanzoni mwa Januari, akiwa na orodha ya mahitaji ya shule mkononi, hana haja ya kujua nani yuko likizo. Anachohitaji ni fedha zake. Hata hivyo jibu analopewa katika ofisi nyingi ndogo ni kwamba mhusika amesafiri na atarudi mwisho wa mwezi. Jibu hilo huonekana kama ni bahati mbaya, lakini kwa kawaida chanzo chake ni ratiba ya likizo iliyopangwa kwa kuhesabu watu badala ya kuhesabu kazi. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wanachama, na baadhi yao ni wajumbe wa bodi za vyama vya akiba na mikopo, tunaeleza hapa jinsi ratiba hiyo inavyopaswa kutengenezwa.

Tuchukue ofisi ya mfano yenye watumishi sita: meneja, mhasibu, mtunza fedha, maofisa mikopo wawili, na karani wa mapokezi. Kabla ya kuandika jina la mtu yeyote kwenye kalenda, ofisi hiyo inapaswa kuandika kazi ambazo zikisimama hata kwa siku moja, mwanachama ataumia. Kwa ofisi ya aina hii kazi hizo ni nne. Ya kwanza ni kupokea na kutoa fedha dirishani. Ya pili ni kuidhinisha malipo. Ya tatu ni kulinganisha, kila jioni, fedha zilizomo kwenye sefu na zile zilizoandikwa vitabuni. Ya nne ni kumsikiliza mwanachama mwenye swali au lalamiko. Kupokea maombi mapya ya mikopo ni kazi muhimu, lakini inaweza kusubiri siku mbili, kwa hiyo haimo katika orodha hii.

Kazi hizo nne zinahitaji watu wanne tofauti, na hapa ndipo ofisi ndogo hujidanganya. Anayetoa fedha hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha malipo, wala ndiye anayelinganisha hesabu jioni. Mtu mmoja akishika kazi hizo zote, hata kama ni mwaminifu, kosa la shilingi elfu kumi halitagunduliwa na mtu mwingine. Basi idadi ya chini kabisa ya kuwapo kazini ni watu wanne. Ukiongeza mmoja kwa ajili ya ugonjwa au msiba, unapata watano. Kwa hiyo katika ofisi ya watu sita, likizo iliyopangwa ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, si wawili. Ofisi inayoruhusu wawili imeshatumia akiba yake ya watu kabla hajaugua yeyote.

Swali linalofuata ni kama muda unatosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake huhesabiwa humo humo. Siku 28 ni wiki nne, na watu sita ni wiki 24. Mwaka una wiki 52. Katika mfano wetu wa mwaka 2027 ofisi inafunga likizo kwa wiki tisa: hadi tarehe 17 Januari kwa sababu ya mahitaji ya shule, tarehe 5 hadi 25 Aprili kwa maandalizi ya mkutano mkuu wa mwaka, wiki mbili za Julai kuanzia tarehe 5 shule zinapofunguliwa tena, na wiki mbili za mwisho wa Desemba kwa kufunga hesabu. Zinabaki wiki 43. Likizo za wote zinaenea, na wiki 19 zinabaki wazi.

Wiki hizo 19 si za anasa. Tuseme katikati ya Februari karani anatoa taarifa kwamba anatarajia kujifungua katikati ya Mei. Sheria inamtaka atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na inamruhusu kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Akianza tarehe 26 Aprili, siku 84 zinaishia tarehe 18 Julai. Likizo hiyo haiwezi kukwepa wiki zilizofungwa za Julai, wala haipaswi kuhesabiwa badala ya likizo yake ya mwaka. Anabaki na siku zake 28. Katika wiki hizo 12 hatapangiwa likizo mtu mwingine yeyote. Wiki kumi kati ya hizo zilikuwa wazi, kwa hiyo zinabaki wiki 33 kwa ajili ya likizo zilezile za wiki 24. Bado zinatosha.

Sasa majina yanaweza kuwekwa. Mhasibu na meneja hawawezi kuondoka kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu hesabu za mwaka uliopita ziko mikononi mwao. Hivyo miezi ya mwanzo inapewa watu wengine. Ofisa mikopo wa pili anaondoka tarehe 25 Januari hadi 21 Februari. Mtunza fedha anataka Idi el-Fitri awe nyumbani. Mwaka 2027 inatarajiwa kuwa karibu na tarehe 10 Machi, kutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo anapewa tarehe 1 hadi 28 Machi. Kwa kuwa sikukuu hiyo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, asidhani Machi itakuwa yake siku zote. Meneja anaondoka tarehe 26 Julai hadi 22 Agosti. Inapita wiki moja ya makabidhiano, kisha mhasibu anapumzika tarehe 30 Agosti hadi 26 Septemba. Ofisa mikopo wa kwanza anachukua tarehe 4 hadi 31 Oktoba, na Siku ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14, haimwongezei siku. Karani anamalizia kwa tarehe 8 Novemba hadi 5 Desemba.

Kwenye karatasi mpango huu unapendeza. Lakini ratiba hujaribiwa kwa swali moja ambalo ofisi nyingi hazijiulizi: katika kila wiki, akiugua mtu mwingine mmoja, ni kazi gani itakayosimama? Tuangalie Machi. Mtunza fedha hayupo, na anayeshika dirisha badala yake ni karani. Karani huyo ana ujauzito wa miezi saba. Akilazwa siku mbili tu, watu wanne wamebaki ofisini, idadi imetimia, na hata hivyo hakuna anayejua kutoa fedha. Hivyo ofisa mikopo wa pili, akirudi likizo tarehe 22 Februari, anakaa dirishani wiki nzima pamoja na mtunza fedha kabla huyo hajaondoka. Mafunzo hayo yatafaa tena kuanzia mwishoni mwa Aprili, mtunza fedha atakapokuwa peke yake kwa miezi karibu mitatu.

Agosti ina tatizo la namna nyingine. Meneja akiwa likizo, anayeidhinisha malipo ni mhasibu, na kwa sababu hiyo kulinganisha hesabu kunahamia kwa ofisa mikopo wa kwanza. Nafasi moja imesogeza watu wawili. Ofisa huyo akifiwa, na sheria inampa siku nne kwa msiba wa jamaa wa karibu, mhasibu atajikuta anaidhinisha asubuhi na kujikagua jioni. Dawa yake ni kumfundisha ofisa wa pili kazi ya kulinganisha hesabu mwezi Juni, wakati mhasibu angali na nafasi ya kumsahihisha.

Kukaimu nako kuna masharti yake. Anayekaimu apewe barua inayotaja kazi na kiwango cha mwisho cha fedha anachoweza kuidhinisha, vinginevyo atakuwa mtu aliyepo bila mamlaka, na mwanachama ataambiwa asubiri vilevile. Fedha za sefu zihesabiwe na wote wawili na kutiwa saini siku funguo zinapobadilisha mikono. Nywila ya kompyuta haiazimwi. Anayekaimu hufunguliwa yake, na ya aliye likizo husimamishwa. Tunasisitiza hili kwa sababu likizo ni ukaguzi pia. Mtunza fedha ambaye miaka mitatu hajataka kupumzika husifiwa kwa bidii, ilhali bodi ingepaswa kujiuliza kwa nini hataki mtu mwingine ashike vitabu vyake.

Desemba ndiyo huleta ugomvi. Mwajiri ana haki ya kupanga tarehe za likizo, mradi ichukuliwe si zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko wa miezi 12 kuisha. Au miezi 12, iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanahalalisha. Kwa hiyo karibu na kila jina iandikwe tarehe ambayo mzunguko wake unaishia, maana hawakuajiriwa siku moja. Anayetaka siku chache za Krismasi anaweza kuomba ruhusa yenye malipo, na siku hizo zinaweza kupunguzwa kwenye zile 28. Nafasi hizo zizunguke: aliyepata Krismasi mwaka huu awe wa mwisho kuchagua mwakani. Kanuni hiyo ibandikwe ukutani kabla ya maombi kuanza kupokelewa, si baada ya meneja kujua nani anataka nini.

Ratiba iliyoshindwa hujionyesha mapema. Ishara iliyo wazi zaidi ni simu zinazopigwa kwa mtu aliye likizo. Ofisi iandike kila simu ya namna hiyo na sababu yake. Zikifika tatu kwa wiki kuhusu jambo lilelile, basi kazi hiyo ina mtu mmoja tu anayeijua, hata kama ratiba inaonyesha wawili.

Na ikitokea kweli wamebaki watatu, ofisi iwe imekwisha kuamua kitakachosimama kwanza. Maombi mapya ya mikopo yasimame, kisha usajili wa wanachama wapya. Kutoa akiba kuwe cha mwisho. Tangazo libandikwe mlangoni likitaja huduma iliyosimama na tarehe itakaporudi. Mwanachama akiambiwa mhusika yuko likizo, ana haki ya kuuliza nani anakaimu, na kutaka jina hilo liandikwe kwenye kumbukumbu ya lalamiko lake pamoja na tarehe aliyofika.