Wazee wanapokauka bila kuhisi kiu

Kithyoko, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, jua la Septemba huwa kali kabla mvua ya vuli haijaanza. Mwulize nyanya wa miaka 75 aliyeketi kivulini kama angependa maji, huenda akajibu kwamba hana kiu. Hadanganyi. Mwili wake haujamwambia.

Mwaka 1984 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Wanaume saba wenye afya, wa miaka 67 hadi 75, walikaa saa 24 bila maji, sawa na vijana saba. Damu ya wazee ndiyo iliyozidi kuwa nzito kwa chumvi, lakini ni wao waliosikia kiu kidogo. Hata walipopewa maji wanywe watakavyo, walikunywa machache kuliko vijana.

Sababu ni kwamba sehemu ya ubongo inayopima chumvi ya damu huchelewa kuamsha kiu kadiri umri unavyosonga. Figo nazo hupungukiwa na uwezo wa kukoleza mkojo, hivyo maji huendelea kupotea. Ongeza hapo dawa ya presha inayokojoza, na hofu ya kwenda chooni usiku gizani, ambayo huwafanya wengi waache kunywa tangu alasiri.

Tuseme nyanya huyo amekunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi na kingine saa kumi. Kesho yake anasimama, kizunguzungu kinamshika, anaegemea mlango. Jioni anamwita mjukuu kwa jina la mwanawe. Jamaa husema ni uzee tu, na hapo ndipo hatari ilipo: kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla si uzee. Kufinya ngozi ya mkono hakusaidii sana, kwa kuwa ngozi ya mzee hulegea hata akiwa na maji ya kutosha. Rangi ya mkojo pia hudanganya. Kipimo cha damu ndicho cha kuaminika.

Wataalamu wa lishe wa Ulaya hupendekeza vinywaji vya angalau lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke mzee na lita 2 kwa mwanamume. Kwenye joto kali huhitajika zaidi. Si lazima yawe maji matupu. Chai ya maziwa inahesabiwa, uji mwepesi pia, na maziwa hukaa mwilini muda mrefu kuliko maji. Mpe kikombe kila anapokula na kila anapomeza dawa, vingi viwe kabla ya jioni. Pombe haifai. ORS ni ya anayeharisha au kutapika, ikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Isiwe kinywaji cha kila siku, maana ina chumvi.

Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichowekewa na daktari. Na mzee aliyechanganyikiwa au anayesinzia asilazimishwe kunywa, kwani anaweza kupaliwa: mpelekeni hospitalini mara moja.