Hesabu ya dalali na hesabu ya mwenye gari

Dalali wa magari hahitaji kalamu. Anakuonyesha Haisi imesimama chini ya mwarobaini, mstari wa ruti umeshapakwa ubavuni, na anakwambia: "Boss, hii inaleta elfu sitini kwa siku. Kwa mwezi milioni moja na laki nane. Miezi ishirini hela yako yote imerudi." Bei pamoja na usajili, bima na leseni ya njia ni shilingi milioni 36. Ukigawanya kwa milioni 1.8 unapata miezi 20 kamili, na hapo ndipo watu wengi wanapotoa kiinua mgongo chao.

Dalali hakudanganya katika kugawanya. Alichokokotoa kinaitwa kipindi cha kurudisha mtaji: muda ambao fedha zinazoingia zinafikia kiasi ulichotoa. Ni kipimo kizuri, kinaeleweka na kila mtu, ila kinategemea namba unazokilisha. Tuzitazame basi namba za gari hilo kama mwenye gari atakavyoziona.

Daladala haiendi barabarani siku 30 kwa mwezi. Kuna siku za servisi, siku za ukaguzi, siku ambazo dereva anaumwa na deiwaka hapatikani, na siku gari linalala gereji likisubiri kipuri. Kwa gari lenye hali nzuri, siku 300 katika mwaka wa kwanza ni makadirio ya haki, na kila mwaka zinapungua. Halafu yako mambo ambayo elfu sitini hiyo haiyalipi. Mafuta na ujira wa dereva na kondakta vimeshatoka kwenye makusanyo kabla hesabu haijakufikia, lakini matairi, oili, klachi, springi, bima, ada ya leseni kwa LATRA na kodi ya mapato ni vya tajiri.

Tuseme basi mwaka wa kwanza zinaingia milioni 18, matumizi ni milioni 6, na mkononi zinabaki milioni 12. Mwaka wa pili zinabaki milioni 10, wa tatu 9, wa nne 7, kwa sababu gari linachoka na siku moja injini itafunguliwa. Mwaka wa tano zinabaki milioni 5, kisha unaliuza gari kwa milioni 10, kwa hiyo mwaka huo una milioni 15. Namba hizi ni za mfano. Za kwako utazipata kwa kukaa na wenye magari wa ruti ile ile na kuona madaftari yao.

Sasa jumlisha. Baada ya miaka mitatu umeshapokea milioni 31. Milioni 5 zilizosalia zinatoka ndani ya zile 7 za mwaka wa nne. Mtaji umerudi baada ya miaka mitatu na karibu miezi tisa, wala si miezi 20. Hata hivyo, kwa miaka mitano umeweka 36 na kupokea 53. Bado inaonekana ni faida ya milioni 17.

Tatizo ni kwamba shilingi ya mwaka wa tano imejumlishwa kana kwamba iko mfukoni leo. Kama fedha zako zingeweza kukuletea asilimia 15 kwa mwaka mahali pengine, au kama benki inakukopesha kwa asilimia 15, basi milioni moja ya leo ni sawa na milioni 1.15 ya mwakani. Ukirudi nyuma, fedha ya mwakani unaigawanya kwa 1.15 ili kujua ina thamani gani leo. Ya mwaka wa pili unaigawanya mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuendelea. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Milioni 12 za mwaka wa kwanza zinakuwa 10,434,783. Milioni 10 za mwaka wa pili zinakuwa 7,561,437. Tisa za mwaka wa tatu zinashuka hadi 5,917,646, saba za mwaka wa nne hadi 4,002,273, na zile 15 za mwaka wa tano, pamoja na bei ya kuuzia gari, zina thamani ya 7,457,651 tu. Jumla ni 35,373,790. Toa milioni 36 ulizolipa, na jibu ni hasi: pungufu ya 626,210. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa ya Haisi ile. Faida ya milioni 17 imeyeyuka, kwa kuwa fedha zako zingefanya kazi vizuri zaidi kidogo kwingine.

Kiwango unachogawanyia kina nguvu sana. Kwa asilimia 12, gari lile lile linatoa chanya ya zaidi kidogo ya milioni 2. Kwa hiyo usikichague ili jibu likupendeze. Aliyekopa atumie riba ya mkopo wake, au zaidi kwa ajili ya hatari ya biashara. Asiyekopa atazame kile ambacho angepata kwenye amana ya muda maalumu au hatifungani za Serikali, kisha aongeze, maana hatifungani haigongwi na bodaboda. Na ukishaiweka riba kwenye kiwango, usiitoe tena kwenye matumizi ya kila mwaka, la sivyo umeilipa mara mbili.

Mtu akisema, "Basi nichukue gari la bei nafuu linalorudisha mtaji haraka," kuna mtego. Chukua Haisi chakavu ya milioni 20 inayokuachia 8, 7 na 5 kwa miaka mitatu, kisha inauzwa chuma chakavu kwa milioni moja mwaka wa nne. Mtaji wake unarudi kwa miaka mitatu kamili, haraka kuliko ile ya kwanza. Lakini thamani yake halisi ya sasa, kwa asilimia 15, ni hasi karibu milioni 3.9. Kipindi cha kurudisha mtaji hakiangalii kinachotokea baada ya siku ya kurudi, na kwa gari hili karibu hakuna kitu baada ya siku hiyo.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye ruti. Hesabu ikishuka kutoka 60,000 hadi 50,000 kwa siku, na mengine yote yakabaki vilevile, Haisi ya milioni 36 inapoteza karibu milioni 9.4 za thamani ya leo, na hasi inakuwa milioni 10. Elfu kumi tu kwa siku. Wenye daladala za Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam waliliona hilo mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 na magari yao yakahamishiwa ruti nyingine. Kabla ya kulipa, uliza ruti hiyo ina mpango gani wa barabara, na rudia hesabu yako kwa hesabu ya siku iliyo chini ya ile aliyokutajia dalali.

Kwa namba hizi na kwa asilimia 15, kikomo cha kulipa, gharama zote zikiwemo, ni milioni 35.37. Mwambie muuzaji 35. Akikataa, liache gari.