Majina ya Mahali Yanayofanana katika Orodha za Anwani

Majina mengi ya mahali katika Kiswahili ni maneno ya kawaida ambayo maana yake bado yaonekana. Mbuyuni ni penye mbuyu. Majengo ni mahali palipojengwa nyumba. Kwa hiyo jina moja laweza kuzaliwa mara nyingi, pasipo mji mmoja kuuiga mwingine. Pana Majengo Mombasa, Nairobi, Moshi na Dodoma, licha ya kwingineko. Mwenyeji hutambua ni ipi inayokusudiwa. Lakini kompyuta itafutayo latitudo na longitudo ya kila anwani haina ila maandishi yaliyo mbele yake.

Njia mbili za mkato hutumika, na zote mbili hupotosha. Ya kwanza ni kuchagua mji wenye watu wengi zaidi: hapo kila Majengo huhesabiwa kuwa ya Nairobi. Ya pili ni kutafuta wastani wa nukta zote. Wastani wa miji hiyo minne huangukia kiasi cha 3.7 kusini na 37.4 mashariki, jirani na bwawa la Nyumba ya Mungu, mbali na miji yote minne.

Njia iliyo bora ni kuorodhesha kwanza kila mahali penye jina hilo, kisha kuondoa pasipopatana na ushahidi. Tuseme katika daftari la zahanati imeandikwa: “Majengo, karibu na Pasua, simu 027.” Msimbo 027 ni wa Tanzania, nao hutumika Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga, basi Mombasa na Nairobi zatoka, na Dodoma pia, ambayo msimbo wake ni 026. Hata hivyo jambo halijakatika, maana mikoa minne ni eneo kubwa. Neno “Pasua” ndilo likatalo shauri, kwa kuwa Pasua na Majengo ni kata za mji wa Moshi.

Si kila ushahidi una nguvu sawa. Sanduku la posta huonyesha mtu achukuliapo barua zake, wala si lazima iwe ndipo alalapo. Kwa hiyo “S.L.P., Moshi” huelekeza tu, haithibitishi.

Ikiwa anwani ni “Majengo” peke yake, yafaa nukta iachwe wazi, na mahali pote pawezekanapo paandikwe kando. Nukta iliyokisiwa, ikiisha kuandikwa, haina alama ya kuitofautisha na iliyo ya kweli. Na wagonjwa wa Moshi wakihesabiwa Nairobi, dawa nazo zitapelekwa kusikohitajika. Dalili ya kosa hilo ni anwani nyingi zisizohusiana kurundikana juu ya nukta moja, aghalabu katikati ya mji mkubwa. Rundo la namna hiyo halionyeshi wingi wa watu; laonyesha wingi wa makisio.