Amekuchoma mbele ya mbogi? Sentensi mbili zinatosha

NI Jumapili alasiri na mko watu sita kwenye meza moja katika Soko la Kenyatta, Nairobi. Nyama imeliwa, ugali umeisha, na kwenye sahani ya kachumbari kumebaki majimaji tu. Bili inaletwa: Sh4,800. Kabla hujatoa simu mfukoni, beshte wako mmoja anaropoka: "Huyu msimhesabu. Tangu amalize chuo anakula tu kwa mamake."

Meza nzima inaangua kicheko.

Uso wako unachemka, moyo unadunda, na ulimi umekauka. Usijione dhaifu. Mwili umemwaga adrenalini, ile homoni inayokuandaa kukimbia au kupigana. Tatizo ni kwamba hapa huhitaji kukimbia wala kupigana. Unahitaji maneno, na maneno ndiyo hupotea damu inapochemka. Ndiyo maana jibu tamu zaidi hukujia usiku ukiwa kitandani.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua mdomo, pumua. Vuta hewa ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta hupunguza mapigo ya moyo, na sauti haitatetemeka sana. Kama umeshika glasi, iweke mezani. Yote hayo yanachukua kama sekunde kumi, na hakuna atakayegundua kwa sababu wenzako bado wanacheka.

Tumia sekunde hizo kujiuliza swali moja: huu ni mchongoano au ni kejeli? Sisi tuliokulia mtaani tunaujua mchongoano. Mtu akikuambia kwenu mmesota hadi panya wamehama na kuacha deni dukani, unacheka na kumrudishia kali kuliko hiyo. Mchongoano una sheria zake hata kama hazijaandikwa popote. Wote wawili mnacheza, zamu ni ya kupokezana, na kinachosemwa kimetiwa chumvi hadi hakuna anayeweza kukiamini.

Kejeli ni tofauti. Inagusa jambo la kweli linalokuuma, na anayelisema analijua kwa sababu pengine wewe mwenyewe ulimwambia. Hukuwa umeingia mchezoni. Beshte wako anajua umetuma maombi ya kazi mwaka mzima bila kuitwa popote. Hilo la mama halikuwa limetiwa chumvi, na ndiyo sababu limechoma.

Ukishajua ni kejeli, kuna njia tatu ambazo zitakuvuta, na zote zina hasara. Ya kwanza ni kumlipua: unatoa siri yake, labda jinsi alivyoachwa na mpenzi au anavyodaiwa kodi. Meza itapiga kelele, lakini sasa nyinyi wawili mmekuwa mechi, na watazamaji hawakumbuki tena nani alianza. Ya pili ni kucheka nao huku unaumia. Wiki ijayo utaitwa "wa mama", na ukilalamika utaambiwa mbona siku ile ulicheka.

Ya tatu ndiyo huwanasa wengi: kujitetea. Unaanza kueleza umetuma maombi mangapi, kampuni gani hazikujibu, na jinsi unavyomsaidia mama dukani. Hapo umegeuza meza ya nyama kuwa mahakama na wewe mwenyewe umepanda kizimbani. Kuishi kwa mama si kosa, kwa hivyo hakuna kesi ya kujibu.

Badala yake, sema sentensi mbili tu. Ya kwanza itaje kilichokukera. Ya pili irudishe watu kwenye shughuli iliyokuwa ikiendelea. Mtazame aliyesema, shusha sauti badala ya kuipandisha, na useme: "Hiyo ya mamangu haijanifurahisha. Bili ni mia nane kila mtu, sivyo? Natuma sasa hivi." Kisha shika simu na utume.

Hujamtukana na hujaeleza maisha yako. Umeweka mpaka, halafu umewapa wengine mahali pa kupitia, kwa sababu watu wanne waliobaki pia hawajui waangalie wapi. Ukisikia kicheko kimekatika na mmoja akauliza, "Nambari ya kulipia ni gani?" basi jibu lako limefika.

Na kama mfukoni una mia tatu tu? Sema ukweli bila hadithi: "Leo nina mia tatu, iliyobaki nitatuma Ijumaa." Ukiisema kama taarifa ya kawaida, itapokelewa hivyo. Kisha Ijumaa ikifika, tuma kweli.

Kuna wakati hutakuwa na uhakika kama mtu alikusudia kukuumiza. Hapo uliza tu, bila ukali: "Sijakupata, ulimaanisha nini?" Utani unaolazimika kuelezwa hufa palepale, na mtu mwenye nia njema atapata nafasi ya kujirekebisha. Lakini usitumie swali hilo kwa mtu aliyelewa au anayetafuta jukwaa. Utakuwa umempa maikrofoni mara ya pili.

Jiandae pia kusikia, "Aii, si ni utani tu, bana! Mbona unakasirika haraka?" Usibishane kuhusu nia yake, kwa sababu huwezi kuingia kichwani mwake. Mjibu: "Sawa, lakini huo sikuupenda." Kisha nyamaza. Jibu la tatu halipo. Ukiendelea, mada itakuwa hasira zako na si maneno yake.

Kazi haijaisha hapo, kwani huyu ni rafiki. Ngoja siku moja au mbili, mpigie au mkutane wawili tu. Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp, maana huko watazamaji ni wale wale. Mwambie jambo lenyewe: "Jumapili ulisema nakula kwa mama mbele ya watu. Nilikuambia mambo ya kazi nikikuamini. Usiyafanye kichekesho tena." Rafiki wa kweli ataona haya, pengine aombe msamaha. Akirudia mara ya pili na ya tatu baada ya mazungumzo hayo, jua kwamba kicheko kile anakihitaji kuliko anavyokuhitaji wewe. Punguza unachomwambia, na pia meza unazokaa naye.

Utulivu una mipaka yake. Mtu akianza kukusogelea kwa vitisho, simama uondoke. Hakuna sentensi itakayosaidia. Na kama anayekudunisha ni bosi mbele ya wafanyakazi, sentensi fupi ya heshima inatosha kwa wakati huo: "Nimesikia kuhusu ripoti, nitairekebisha. Hayo mengine naomba tuyazungumze faragha." Jioni hiyo andika tarehe, maneno yaliyotumika na waliokuwepo. Ikiwa maneno yenyewe ni ya kimapenzi na hukuyataka, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Uliza sera hiyo iko wapi na malalamiko hupelekwa kwa nani.

Jumapili ile, ukishatuma mia nane zako, usiondoke mara moja. Maliza soda yako, changia stori inayofuata, kisha uage kama kawaida. Ukifika nyumbani, msalimie mama.