Barua ya kusindikiza hati ya kiapo uhamiaji Marekani: usiandike humo kitu ambacho hakijaapwa

Umeomba kumleta mama yako Marekani kwa fomu I-130. Miezi inapita, halafu unapokea notisi kutoka USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji. Wanasema cheti chako cha kuzaliwa kilisajiliwa ukiwa mtu mzima, kwa hiyo wanataka ushahidi zaidi kwamba huyo ni mama yako mzazi.

Hilo linawakuta Waafrika Mashariki wengi, maana waliozaliwa nyumbani vijijini mara nyingi hawakusajiliwa hadi walipohitaji pasipoti. Dawa inayojulikana ni hati ya kiapo kutoka kwa watu waliojua kuzaliwa kwako. Hati hiyo haiendi peke yake. Inasindikizwa na barua, na hapo ndipo watu wengi huharibu.

Barua si ushahidi

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba hati ya kiapo ni ushahidi, barua si ushahidi. Aliyeapa anaweza kushtakiwa akidanganya. Wewe uliyeandika barua ya kawaida hujaapa kitu.

Hata maneno ya wakili yako hivyo hivyo. Mwaka 1988 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani ilisema wazi kwamba madai ya wakili yasiyo na ushahidi nyuma yake hayathibitishi chochote. Kama ya wakili hayatoshi, ya kwako kwenye barua hayawezi kutosha.

Kwa hiyo barua ina kazi mbili tu: kufikisha hati kwenye faili sahihi, na kumwonyesha ofisa kila jibu liko ukurasa gani.

Tuchukue mfano

Tuseme kijana amezaliwa kijijini Kigoma mwaka 1986. Sasa ni raia wa Marekani, anaishi Texas. Cheti chake cha RITA kilitolewa mwaka 2019. Anacho pia cheti cha darasa la saba, lakini hakina jina la mama.

Amepata waapaji wawili. Wa kwanza ni shangazi yake, aliyekuwa na miaka 17 na akiishi nyumba hiyo hiyo. Wa pili ni jirani, bibi aliyemzalisha mama yake. Idadi hiyo inatosha, kwani kanuni inataka viapo viwili au zaidi. Waapaji lazima wawe na ufahamu wao wenyewe wa tukio, wasiwe wahusika wa ombi. Ndugu anaruhusiwa. Mama mwenyewe hahesabiki, kwa sababu yeye ndiye anayeombewa.

Kila hati inataja jina kamili la mwapaji, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, uhusiano wake na kijana, nini kilitokea, na amejuaje. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. "Namjua kuwa ni mwanawe" haitoshi. "Nilikuwa chumbani alipozaliwa" ndiyo inayotakiwa.

Viapo vimeandikwa kwa Kiswahili mbele ya kamishna wa viapo. Kwa hiyo kila kimoja kinahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na maneno ya mfasiri aliyetia saini kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anaziweza lugha zote mbili.

Barua yake inasomekaje

Barua yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

*KUHUSU: Majibu ya notisi ya kuomba ushahidi. Fomu I-130. Namba ya shauri: (herufi 3 na tarakimu 10 kama zilivyo kwenye notisi). Mwombaji: (jina). Anayeombewa: (jina).*

*Mliomba ushahidi kwamba anayeombewa ni mama yangu mzazi. Naambatisha:*

*A. Cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa mwaka 2019.*

*B. Cheti cha shule ya msingi, kinachoonyesha jina langu na mwaka wa kuzaliwa.*

*C. Kiapo cha shangazi, pamoja na tafsiri. Aya ya 3 inaeleza aliishi wapi mwaka 1986. Aya ya 5 inaeleza kuzaliwa kwangu.*

*D. Kiapo cha jirani aliyemzalisha mama, pamoja na tafsiri. Tazama aya ya 4.*

*Haya ndiyo majibu yangu yote kwa notisi hii.*

Halafu jina, anwani, simu na saini ya mkono. Ukurasa mmoja umetosha. Hakuna hadithi ya shida mlizopitia wala kubembeleza.

Inapoharibika

Tuseme kijana anaongeza sentensi moja: "Mama alijifungulia nyumbani kwa sababu zahanati ilikuwa mbali." Inaonekana haina madhara. Lakini kiapo cha jirani kinasema mvua ilikata njia ya kwenda zahanati. Sasa ofisa ana sababu mbili tofauti mkononi, na anaanza kujiuliza ipi ni kweli. Kama sababu ni muhimu, iwe ndani ya kiapo. Kama haimo, iache.

Majina nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa cheti kinasema Zuhura na pasipoti inasema Zuhra, maelezo kwamba ni mtu mmoja yaapwe na anayemjua. Barua iseme tu: "Kuhusu majina mawili, tazama Kiambatisho C, aya ya 6."

Tarehe pia ni mtego. Sisi tukiandika 04/07/1986 tunamaanisha tarehe nne Julai. Mmarekani anasoma Aprili saba. Andika mwezi kwa jina, kwenye barua na kwenye tafsiri.

Kipimo rahisi kabla ya kutuma: shika kalamu, pitia barua sentensi kwa sentensi, pembeni andika kiambatisho na aya inayothibitisha kila jambo. Sentensi iliyokosa cha kuandikiwa pembeni, ifute.

Mpangilio na muda

Juu kabisa weka notisi yenyewe waliyokutumia, si barua. Barua inafuata, kisha viambatisho kwa mpangilio ulioorodhesha. Tuma nakala zinazosomeka vizuri na ubaki na hati halisi, isipokuwa notisi imeomba halisi.

Tuma vyote kwa mara moja. Ukituma kiapo kimoja na kuahidi kingine baadaye, USCIS inachukulia kwamba umeomba waamue kwa kilichopo. Muda wa kujibu notisi ya aina hii hauzidi siku 84, pamoja na siku chache za posta, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye notisi. Tarehe hiyo ni ya majibu kuwafikia, si ya wewe kwenda posta. Kama kiapo kinatoka Kigoma, anza siku ile ile unayopokea notisi.

Kama kesi iko mahakamani

Kwenye mahakama ya uhamiaji mambo yanabadilika kidogo. Namba inayotumika ni namba A ya mhusika, na ukurasa wa mbele hutaja jaji na tarehe ya kusikilizwa. Lazima pia uthibitishe kwamba wakili wa serikali amepelekewa nakala. Uthibitisho huo ukikosekana, mahakama inaweza kukataa makaratasi yako hata kama kiapo ni kizuri. Na mwapaji anaweza kutakiwa kutoa ushahidi na kuulizwa maswali juu ya kila aya, kwa hiyo kiapo kiwe na yale tu anayoyajua mwenyewe.