Kwa nini kosa moja ndani ya maktaba ya picha lilidai programu nyingi zijengwe upya

Mkaaji wa Uvira anajua tofauti ya robine na bidoni. Robine ya mtaa ikichafuka, wote wanaochota hapo wanakunywa maji machafu. Lakini mafundi wakiitengeneza, wote wanapata maji safi siku ile ile. Bidoni ziko namna ingine: maji yaliyochotwa jana na kuwekwa ndani ya nyumba hayasafiki kwa sababu robine imetengenezwa leo. Kila nyumba inapashwa kumwaga yake na kuchota upya.

Ndivyo programu za telefone na ordinatere zinavyofanya kazi, na mwaka 2023 ulitoa mfano ambao unagusa karibu kila mtu mwenye telefone.

Watu wanaotengeneza programu hawaandiki kila kitu wao wenyewe. Kufungua picha, kwa mfano, ni kazi ngumu ambayo wengine waliisha kuifanya. Kwa hiyo wanachukua kipande kilicho tayari, ambacho mafundi wanaita maktaba. Kwa picha za aina ya WebP, maktaba inayotumiwa sana inaitwa `libwebp`, na ilitoka kwa Google. Picha nyingi za enterneti ni WebP. Hata stika ambazo watu wanatumiana kwenye WhatsApp ni za aina hiyo.

Programu inaweza kutumia maktaba kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya robine: maktaba inakaa fasi moja ndani ya mashine, na programu zote zinaenda kuitumia hapo. Ya pili ni ya bidoni: mwenye kutengeneza programu anakopi maktaba na kuifunga ndani ya programu yake. Chrome na Firefox kwenye telefone ya Android zinakuja na kopi yao ya `libwebp` ndani. Aplikasyo zingine nyingi zinafanya vile vile.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa 2023, watafiti wa Citizen Lab, kwenye Chuo Kikuu cha Toronto huko Kanada, walitangaza kwamba telefone ya iPhone ya mfanyakazi wa shirika moja la kiraia la Washington ilishambuliwa na Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO. Mwenye telefone hakubonyeza kitu chochote. Picha zilizotumwa kwake zilitosha. Tarehe 7, Apple ilitoa mizajuru ya telefone zake. Tarehe 11, Google ilitengeneza Chrome, na kesho yake Firefox ikafuata.

Kosa lilikuwa hivi. Kabla ya kufungua picha, `libwebp` inajenga jedwali la kuisomea, na inatenga nafasi kwenye memwari ambayo inafikiri itatosha. Picha iliyotengenezwa kwa ubaya ilikuwa na hesabu za uongo ambazo zilizaa jedwali kubwa kuliko nafasi ile. Maktaba iliendelea kuandika, ikapita mpaka, ikafunika memwari ya jirani. Mshambuliaji anayejua kupanga kile kinachomwangika pale anaweza kuifanya mashine itii amri zake.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo, na yaliingia ndani ya `libwebp` namba 1.3.2. Kazi kubwa ilibaki kuyafikisha kwa watu.

Kwenye ordinatere za Debian ao Ubuntu, programu nyingi zinatumia robine. Fundi alileta pakiti moja ya `libwebp`, yenye uzito usiofika mega moja, na programu zote zinazoitegemea zikapata dawa bila hata moja kujengwa upya. Jambo moja tu lilihitajika: kuzifunga na kuzifungua tena, juu programu iliyo wazi inaendelea kushika maktaba ya zamani kwenye memwari. Ukitaka kujua kama programu inachota kwenye robine, unaandika amri hii, na jina la programu unayotaka:

```
ldd /usr/bin/webpinfo | grep webp
```

Jina `libwebp` likitokea, programu inatumia maktaba ya pamoja. Lakini kama halitokei, usishangilie haraka. Labda programu haifungui WebP kabisa, ao labda kopi imeyeyushwa ndani ya programu yenyewe, na hapo amri hii haiwezi kuiona.

Kwa programu za bidoni, safari ilikuwa ndefu. Signal na Slack za ordinatere zinajengwa juu ya msingi unaoitwa Electron, na Electron nayo imebeba injini ya Chrome, ambayo imebeba `libwebp`. Kwa hiyo `libwebp` ilirekebishwa kwanza, kisha injini ya Chrome, kisha Electron, kisha kila kampuni ikajenga programu yake upya, na mwisho mwenye ordinatere akapakua yote. Kukosekana hatua moja tu, kopi mbovu inabaki.

Tena kulikuwa na mvurugo wa jina. Kosa liliandikishwa kwa namba CVE-2023-4863, na mwanzoni liliandikwa kama kosa la Chrome. Watengenezaji wengi walisoma wakasema: sisi hatutumii Chrome, haituhusu. Kumbe walikuwa wamebeba maktaba ile ile bila kufikiri juu yake.

Upande wa Uvira, tatizo linakuja na bei ya mega. Kupakua mizajuru ya Chrome kunaomba mega makumi mengi, na wengi wanapenda kupokea aplikasyo kwa rafiki kupitia Xender ao Bluetooth. Inasaidia mfuko, lakini kopi ile inakuja na maktaba ya siku iliyotengenezwa. Ikitoka kwenye telefone ambayo haikufanyiwa mizajuru tangu mwanzo wa 2023, kosa la `libwebp` linahama nalo kutoka Kalundu mpaka Baraka.

Telefone ya Android nayo iko na kopi yake ndani ya mfumo. Ilitengenezwa kwenye mizajuru ya usalama ya mwezi wa kumi 2023. Ili kuangalia, ingia kwenye Paramètres, kisha À propos du téléphone, kisha Version d'Android, utaona tarehe ya mizajuru ya usalama. Ikiwa ni ya mbele ya mwezi huo, mfumo haukupata dawa, na kama mtengenezaji wa telefone ameacha kutuma mizajuru, mwenye telefone hawezi kuiweka yeye mwenyewe.

Anachoweza ni kupunguza hatari, kwa kuanza na programu zinazofungua picha za watu asiowajua: Chrome, Firefox, WhatsApp. Pamoja nazo kuna Android System WebView, ambayo ni robine kweli kweli. Aplikasyo nyingi zinaitumia kufungua kurasa za enterneti ndani yao, na mizajuru yake moja kwenye Play Store inazitengeneza zote upande huo. Kwa mwenye mega kidogo, hiyo ni ya kuweka mbele.

Watu wengine wanauliza kwa nini basi programu zote zisitumie robine. Jibu ni kwamba robine nayo iko na shida yake: mtu akibadilisha maktaba ya pamoja vibaya, programu zote zinaweza kuanguka siku moja. Mwenye kufunga kopi yake anajua kabisa atakachopata, kwenye telefone ya zamani na ya mpya. Lakini siku kosa linapopatikana, yeye ndiye anapashwa kumwaga bidoni, na mwenye telefone anapashwa kulipia mega za kuijaza tena.