Kagua Kenchi Kabla Mabati Hayajapigiliwa

Mabati yakishapigiliwa na dari kufungwa, kasoro za mbao za paa hazionekani tena mpaka paa lianze kulegea. Ndiyo maana kenchi, yaani zile pembe tatu za mbao zinazobeba paa, hukaguliwa zikiwa bado wazi. Taarifa ya ukaguzi huwa na mambo manne: aina ya mbao, unyevu, maungio na dawa ya wadudu.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala ambayo kenchi zake zimeundwa kwa mbao za inchi 4 kwa 2, mwenye nyumba akiwa ameshanunua mabati.

Aina ya mbao. Mkaguzi anakuta saiprasi. Mti huu hufaa kwa paa, lakini si kila sehemu yake ni sawa. Moyo wa mti, wenye rangi iliyokolea, huvumilia wadudu kiasi. Sehemu ya nje, yenye rangi nyeupe, huliwa haraka isipotiwa dawa. Kama zingekuwa mbao za mkaratusi, angetazama zaidi kupinda na kupasuka, kwa sababu mkaratusi una nguvu lakini hujikunja sana unapokauka.

Unyevu. Mbao ni nzito na misumari imeanza kutoa kutu, hivyo mkaguzi anashuku ni mbichi. Anakata kipande katikati ya ubao, si mwishoni, kwani ncha hukauka mapema na kudanganya. Kipande kina uzito wa gramu 390. Kinakaushwa katika oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito unaacha kupungua, kisha kinapimwa tena: gramu 300. Maji yaliyotoka ni gramu 90. Ukigawanya 90 kwa 300 unapata asilimia 30.

Kiwango hicho ni kikubwa mno. Mbao yenye unyevu wa chini ya asilimia 20 haiozi, lakini ikizidi hapo ukungu wa kuozesha hupata nafasi. Tena, mbao ya asilimia 30 itasinyaa ikiwa juu ya nyumba, na msumari uliokuwa umebanwa vizuri utalegea. Dawa yake ni kusubiri. Mbao ambazo hazijaungwa hupangwa kivulini, zikiinuliwa kutoka ardhini na kutenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, kisha kipande kingine hupimwa.

Maungio. Katika kenchi zilizokwisha kuungwa, fundi ametumia misumari ya inchi 3. Hesabu ni rahisi: msumari hupita ubao wa kwanza wa inchi 2, na inchi 1 tu ndiyo inayoshika ubao wa pili. Msumari wa inchi 4 hushika inchi 2 kamili. Mkaguzi anaandika kwamba misumari ya inchi 4 iongezwe, isipangwe katika mstari mmoja wala karibu na ncha, maana mbao itapasuka. Anasisitiza kiungo cha juu ya ukuta, pale mbao ya mteremko inapokutana na mbao ya chini, kwa sababu hapo ndipo kenchi huvutwa zaidi. Pia anauliza paa limefungwa wapi. Msumari mmoja hauwezi kuzuia upepo unaoinua mabati. Kila kenchi hufungwa kwa ukanda wa chuma uliojengewa ndani ya ukuta.

Dawa ya wadudu. Fundi amepaka oili chafu ya injini. Oili hiyo hubaki juu juu, haiingii ndani, na huongeza hatari ya moto. Mbao iliyotiwa dawa ya shaba kiwandani kwa shinikizo huwa na rangi ya kijani, na dawa huwa imepenya. Hata hivyo, kila inapokatwa, ndani ambako dawa haikufika hubaki wazi; ncha hizo lazima zipakwe dawa ya mbao kabla ya kuungwa. Vipande vinavyobaki visiwe kuni kamwe, kwa kuwa dawa nyingi za aina hii zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Taarifa ya nyumba hii ilimalizika hivi: mabati yasubiri, misumari iongezwe baada ya mbao kukauka, na mbao nyeupe zitiwe dawa au zibadilishwe. Baada ya paa kufunikwa, mwenye nyumba atazame ndani ya dari kila mwaka. Mifereji ya udongo inayopanda ukutani ni ya mchwa, na unga laini chini ya vitundu vidogo ni kazi ya bungua. Ubao unaosikika mtupu ukigongwa umeshaliwa ndani, na hubadilishwa. Kuupaka dawa hakurudishi nguvu yake.